Mzigo Umepotea Njiani: Muuzaji Amjibu Nini Mteja?

Mteja wa Mwanza anaona dera kwenye simu, anakubaliana bei na muuzaji wa Kariakoo, analipa kwa simu, kisha anasubiri. Katikati yao kuna zaidi ya kilomita elfu moja za barabara, kupitia Morogoro, Dodoma, Singida na Shinyanga. Katika safari hiyo yote mzigo hauko mikononi mwa aliyeuza wala aliyenunua, uko ndani ya buti la basi. Mara nyingi unafika salama. Siku usipofika, mteja ana mtu mmoja tu wa kumuuliza, naye ni yule aliyepokea pesa yake.

Majibu mawili yamezoeleka siku hiyo, na yote mawili yanaua biashara. La kwanza ni "samahani kwa usumbufu, tunafuatilia", likirudiwa kila mteja anapouliza, bila tarehe wala hatua. La pili ni "mzigo nilishautoa, wapigie watu wa basi". Hili la pili ni baya zaidi. Mteja hakuchagua basi, hakuandika jina kwenye boksi, hakulipia ofisi ya mizigo kwa mkono wake na hana kishina cha risiti. Anayeweza kuibana ofisi ile ni muuzaji peke yake.

Wauzaji wanaojitetea hivyo wana kipande cha sheria upande wao, na ni haki tukisema. Sheria ya Mauzo ya Bidhaa ya Tanzania, Sura ya 214, inafuata sheria ya Kiingereza ya mwaka 1893. Kwa kanuni yake ya jumla, muuzaji aliyeruhusiwa au kutakiwa kumtumia mnunuzi bidhaa akishaikabidhi kwa msafirishaji huhesabiwa kuwa ameifikisha, isipokuwa ikionekana kuwa walikubaliana vingine. Lakini sheria hiyo hiyo inamtaka muuzaji aingie na msafirishaji makubaliano ya maana, kwa kuzingatia aina ya mzigo na mazingira yake. Asipofanya hivyo na mzigo ukapotea, mnunuzi anaweza kukataa kuhesabiwa kuwa amepokea, au akamdai muuzaji fidia. Muuzaji aliyempa kondakta boksi dirishani bila risiti ana kazi kubwa ya kujitetea hapo. Uingereza kwenyewe walishabadilisha: chini ya Sheria ya Haki za Watumiaji ya mwaka 2015, mfanyabiashara anayemuuzia mtumiaji wa kawaida hubeba hasara ya njiani hadi bidhaa imfikie mnunuzi mkononi, isipokuwa pale mnunuzi alipojichagulia msafirishaji wake ambaye muuzaji hakumpendekeza.

Mimi naona huo ndio mgawanyo wa haki hata kwetu, bila kusubiri bunge. Aliyechagua basi ndiye abebe hasara ya basi. Mteja akisema, "Tuma na basi la shemeji yangu, yeye ataupokea," hapo mambo ni mengine, na ni vizuri muuzaji akamwambia hivyo kabla mzigo haujaondoka.

Kabla ya kuomba radhi, muuzaji ahakikishe kwanza kwamba mzigo umepotea kweli, maana mingi inayodhaniwa kupotea imechelewa au imekaa mahali pasipo pake. Aende ofisi ya mizigo na kishina cha risiti, aulize mambo matatu: mzigo ulipakiwa basi lenye namba gani, uko kwenye orodha ya mizigo ya siku ile, na ofisi ya Mwanza ilipopokea basi lile iliuandika au haikuuandika. Majibu hayo huonyesha ulipokatikia. Ukiwa haumo kwenye orodha, pengine bado uko Dar es Salaam, nyuma ya rafu. Ukiwa kwenye orodha lakini Mwanza hawakuuandika, pengine ulishushwa Singida au Shinyanga pamoja na mizigo ya huko, au ulipitilizwa hadi Musoma. Mara nyingine karatasi ya jina imebanduka, boksi limebaki bila mwenyewe. Mara nyingine tarakimu moja ya namba ya simu imekosewa, na ofisi imekuwa ikimpigia mtu mwingine.

Ikiwa kitabu cha Mwanza kinaonyesha mzigo ulichukuliwa na kusainiwa, jambo hilo si la barua ya radhi. Hapo muuzaji aombe picha ya ukurasa ule, amwonyeshe mteja kwa heshima, amuulize kama anamfahamu aliyesaini. Huenda ni kijana wa bodaboda aliyetumwa, huenda ni mtu mwenye jina linalofanana. Kumtuhumu mteja kabla ya kuiona saini ni kosa lisilosahaulika.

Tuchukue mfano tuupigie hesabu. Mteja amenunua madera mawili na mtandio kwa shilingi 70,000, akaongeza 6,000 ya kusafirisha. Mzigo umeondoka Jumatatu asubuhi. Jumatano mteja anauliza, muuzaji anakwenda ofisini siku hiyo hiyo na kumwambia mteja wazi kwamba atampa jibu la mwisho Ijumaa mchana, mzigo uonekane usionekane. Siku mbili za kutafuta zinatosha kwa njia ambayo mabasi huipita kila siku. Ijumaa ofisi inakiri kuwa haiuoni. Sasa ndipo jibu linaandikwa, na linaweza kuwa hivi:

"Habari za mchana dada. Mzigo wako wa madera mawili na mtandio niliokutumia Jumatatu haujafika, na leo ofisi ya basi imekiri kuwa haiuoni Dar wala Mwanza. Nakuomba radhi sana. Najua ulikuwa unauhitaji na umesubiri wiki nzima. Basi nililichagua mimi, kwa hiyo kulifuatilia ni kazi yangu, wewe usihangaike nalo. Chagua moja. Nikurudishie pesa yako yote, 70,000 ya nguo na 6,000 ya usafiri, pamoja na ya kutolea, leo kabla ya saa 12 jioni, kwa namba ile ile uliyolipia. Au nikutumie mzigo mwingine kesho alfajiri kwa basi tofauti, bila kuongeza hata shilingi. Dera la bluu limebaki, la kijani limeisha, lakini lipo la zambarau la kitambaa hicho hicho. Usipolipenda, nitakurudishia pesa ya hilo moja. Niambie unavyopenda."

Ujumbe huu una radhi moja tu, na inatosha. Muuzaji hakuwatukana watu wa basi wala hakusimulia alivyozungushwa ofisini, kwa sababu mteja hakununua kisa hicho. Ametaja kitu kilichopotea, kiasi cha pesa, saa na siku. Amesema ukweli kuhusu dera la kijani mapema. Angenyamaza akatuma rangi nyingine, mteja angeumizwa mara ya pili na mtu yule yule.

Uchaguzi umeachwa kwa mteja, na hapo wauzaji wengi huteleza. Kutuma mzigo mwingine kunampunguzia muuzaji hasara, kwa kuwa dera alilinunua kwa bei ya jumla na faida yake inabaki. Ndiyo maana hushawishika kutuma bila kuuliza. Lakini nguo ya harusi ya Jumamosi haina kazi Jumatatu. Mteja ambaye siku yake imepita anataka pesa yake, na hapaswi kubembelezwa.

Pesa ya usafiri nayo irudi. Wapo wanaorudisha bei ya bidhaa peke yake wakisema nauli ya mzigo ilishalipwa ofisini. Ililipwa, ndiyo, lakini kazi iliyolipiwa haikufanyika. Ya kutolea nayo iongezwe, la sivyo mteja atakatwa atakapoitoa pesa kwa wakala na kubaki na pungufu ya alichotoa. Muuzaji arudishe kwa namba iliyolipa, si namba mpya iliyotumwa dakika hiyo kwa ujumbe, na asome jina linalotokea kwenye simu kabla ya kuweka namba yake ya siri. Kama mteja ana sababu ya kubadilisha namba, muuzaji ampigie aisikie sauti yake.

Ikiwa mteja amechagua kutumiwa tena, mzigo wa pili usiondoke kama wa kwanza. Jina la mteja, mji na namba zake mbili za simu ziandikwe kwa kalamu ya wino mzito juu ya boksi lenyewe, si kwenye karatasi iliyobandikwa tu, na karatasi nyingine yenye maelezo hayo hayo iwekwe ndani. Picha ya boksi, picha ya risiti na namba ya basi zimfikie mteja kabla basi halijatoka stendi. Thamani itajwe ofisini na iandikwe kwenye risiti. Nyuma ya risiti nyingi kuna masharti yanayopunguza dhamana ya kampuni kwa mzigo ambao thamani yake haikutajwa, na watu huyasoma wakati wameshapoteza.

Mara chache mzigo wa kwanza hujitokeza baada ya mteja kurudishiwa pesa. Ni vizuri jambo hili likaongelewa mapema kwa sentensi moja: ofisi ikikupigia, nijulishe, nami nitawaambia waurudishe kwa gharama yangu, au ukiutaka utanilipa baadaye.

Baada ya hapo muuzaji ana shauri lake na msafirishaji. Adai kwa maandishi, aambatishe nakala ya risiti, uthibitisho wa bei na ujumbe wa ofisi unaokiri kupotea kwa mzigo, kisha abaki na nakala iliyopigwa muhuri wa kupokelewa. Akizungushwa, aandike TCRA, mamlaka inayotoa leseni za usafirishaji wa vifurushi. Fidia inaweza kuchukua muda, tena ikaja pungufu, na ndiyo maana mteja asiambiwe "nikilipwa nitakulipa". Muuzaji anayetuma mizigo kila siku atenge kidogo katika kila nauli anayotoza kwa ajili ya boksi litakalopotea, maana lipo litakalopotea.

Nawe mnunuzi, matapeli nao wanaijua habari hii ya mizigo kupotea. Ujumbe wa kweli wa muuzaji utataja ulichonunua, kiasi ulicholipa na siku mzigo ulipoondoka, na utatoka kwenye namba mliyozungumzia biashara. Ukipokea ujumbe kwamba kifurushi chako kimekwama, ubofye kiungo, ulipe kidogo kwanza au utaje namba yako ya siri ili urudishiwe pesa, usijibu. Kurudishiwa pesa hakuhitaji namba yako ya siri, na hakuna anayelipia kurudishiwa pesa yake mwenyewe.