Ngoma ya sikio ikitoboka, kazi ni kulinda ukavu

Kofi la mkono wa kulia hutua kwenye sikio la kushoto, na ndiyo sababu ngoma nyingi zilizopasuliwa kwa kofi huwa ni za upande huo. Kiganja kikiliziba sikio lote kwa ghafla, hewa iliyomo katika njia ya sikio hukosa pa kutokea. Inasukumwa ndani, na ngoma, ambayo unene wake ni kama sehemu moja ya kumi ya milimita, inachanika.

Tumchukue kijana wa bodaboda wa Kiogoro aliyezabwa kofi la aina hiyo wakigombania abiria. Anasikia kishindo, maumivu yanamchoma kwa dakika chache, tone la damu linatoka, kisha sikio linabaki likivuma kana kwamba limezibwa. Jioni anapopenga kamasi, upepo unapiga mluzi kutokea sikioni. Mluzi huo ukiusikia, yamkini ngoma imetoboka. Maumivu hupoa upesi, na hapo ndipo wengi huamua kwamba hakuna haja ya kwenda hospitali.

Aende. Kiogoro si mbali na mji wa Kisii, ambako kuna Hospitali ya Mafunzo na Rufaa. Tabibu atalimulika sikio, atachora mahali tundu lilipo na ukubwa wake, kisha atapima usikivu. Mchoro huo una kazi mbili. Kwanza, kama kijana atataka kushtaki, fomu ya P3 ijazwe tundu likiwa bado bichi, maana baada ya miezi miwili huenda pasiwe na la kuonyesha. Pili, ndio utakaotuambia baadaye kama tundu linapungua. Akiwa na kizunguzungu kinachomwangusha, uso umepinda upande mmoja, au maji meupe yanachuruzika sikioni baada ya kugonga kichwa, hilo ni jambo la siku hiyo hiyo, halingoji miadi.

Kijana wetu hana hata moja ya hayo. Tundu lake limechukua kama robo ya ngoma, upande wa chini, na ni kavu. Anashangaa kuambiwa aende nyumbani bila dawa ya kutia sikioni.

Sababu ni kwamba ngoma ina namna yake ya kujitibu. Tabaka lake la nje ni ngozi, na ngozi hiyo haitulii: hutambaa kutoka katikati kuelekea ukingoni, polepole kama kucha inavyokua. Ndivyo sikio linavyoondoa nta na uchafu bila kusaidiwa. Ngoma ikichanika, seli hizo hutambaa juu ya pengo, na matundu mengi ya kofi, kama manane au tisa kati ya kumi, hufunga yenyewe, mengi katika wiki sita hadi nane. Tabaka la katikati, lenye nyuzi za kuipa ngoma uimara, mara nyingi halirudi vizuri, kwa hiyo kinabaki kipande chembamba chenye kung'aa. Kinasikia vyema, ila ni dhaifu kuliko cha mwanzo.

Kinachoharibu kazi hii ni maji. Tundu lililo wazi ni mlango wa sikio la kati, na maji ya kuoga huingia na sabuni na vijidudu. Maji ya sabuni ndiyo mabaya zaidi, kwa kuwa sabuni huyawezesha kupenya hata katundu kadogo ambako maji matupu yangekwama. Katika milima ya Kisii, ambako mvua hunyesha karibu mwaka mzima, kichwa kinaweza kulowa hata bila kuoga, kwa hiyo dereva wa bodaboda anahitaji kofia na koti la mvua kuliko anavyohitaji vidonge.

Wakati wa kuoga, chukua pamba kiasi cha punje kubwa ya hindi, ichovye kwenye mafuta mazito ya kujipaka mpaka nje yake iteleze, uiweke mlangoni mwa sikio bila kuisukuma ndani. Pamba kavu haifai, kwani inanyonya maji na kuyafikisha kule kule unakoyakataza. Ukimaliza, iondoe uitupe. Kuogelea mtoni kusubiri. Kamasi isipengwe kwa nguvu, na chafya itoke mdomo ukiwa wazi. Maji ya kitunguu, mafuta ya moto, spiriti na kijiti cha kiberiti visikaribie sikio. Hata dawa za matone za dukani ni za kuogopwa: zile zenye jentamaisini zikipita tunduni na kufika sikio la ndani zinaweza kudhuru usikivu moja kwa moja.

Tuseme wiki ya tatu amelowa, na siku mbili baadaye mto wake wa kulalia una doa la manjano. Sikio linatoa usaha. Hapo sasa matone yanahitajika, lakini ya aina ya siprofloksasini au ofloksasini, ambayo hayadhuru sikio la ndani. Utafiti uliofanywa kwa watoto wa shule zaidi ya 400 katika vijiji vya eneo la Kisumu, ukachapishwa mwaka 2005, ulilinganisha siprofloksasini na asidi ya boriki iliyochanganywa na alkoholi kwa masikio yaliyokuwa yakitoa usaha kwa muda mrefu. Baada ya wiki mbili, yaliyokauka kwa siprofloksasini yalikuwa 59 kati ya 100. Kwa asidi ya boriki, 32. Kabla ya kutia dawa, usaha ufutwe kwa pamba safi iliyosokotwa, tena na tena mpaka itoke kavu, la sivyo dawa inaelea juu ya usaha.

Sikio likikauka, safari ya kupona inaendelea ilipoishia. Tunamwona tena kila baada ya wiki chache na kulinganisha na ule mchoro.

Upasuaji haufikiriwi kabla ya miezi mitatu, kwa kuwa mapema zaidi utamkata mtu ambaye angepona mwenyewe. Wanaofika huko ni wale ambao tundu lao ni kubwa, au limegusa ukingo wa ngoma, au lilitokana na usaha wa miaka. Mafundi wa kuchomelea ni kundi la pekee: cheche ya chuma ikiangukia sikioni huunguza kingo za tundu, na kingo zilizoungua hazitambai. Wengine huletwa na kipimo cha usikivu. Tundu peke yake hupunguza usikivu kwa kiasi. Ukipungua kupita desibeli 40, tunashuku kwamba vile vifupa vitatu vya nyuma ya ngoma vimeachana.

Kwenye upasuaji wenyewe, daktari hukwangua kingo za tundu ili ziwe mbichi tena, kisha huchukua utando unaofunika msuli wa juu ya sikio, au kipande chembamba cha gegedu, na kukitandaza chini ya ngoma. Kipande hicho hakiwi ngoma. Ni daraja la kupitia seli. Katika mikono yenye uzoefu, kama wanane au tisa kati ya kumi hufanikiwa, mradi sikio lilikuwa kavu na mgonjwa havuti sigara. Kwa mtoto mdogo, madaktari wengi hungoja afike miaka saba au nane, mafua ya mara kwa mara yapungue. Masikio yote mawili yakiwa yametoboka, hayafanywi pamoja: tunaanza na lile lisilosikia vizuri, na la pili hungoja mpaka tujue la kwanza limeshika.