Hati ya mradi: karatasi inayotangulia mabomba
(Sehemu ya pili)

Makala iliyopita iliishia kwenye kikao. Kijiji chetu cha mfano, chenye watu 3,200 na vitongoji vinne, kilikubaliana kuachana na pampu ya dizeli kisimani na kufunga ya sola. Fedha zimeshapatikana, shilingi milioni 96, kutoka kwa chama cha wazawa wa kijiji hicho waishio Dar es Salaam. Fundi ameulizwa bei, na kijana mmoja aliyesomea ufundi wa maji amekubali kuwa msimamizi. Kwa kawaida kinachofuata hapo ni kuagiza mabomba. Sisi tutasimama kidogo, tuandike kwanza hati ya mradi.

Hati hii isichanganywe na lile andiko lililotumika kuombea fedha. Andiko la kuombea fedha hushawishi, kwa hiyo hujaa ahadi. Hati ya mradi hufunga: ni kurasa mbili au tatu zinazosema kazi ni ipi, nani mwenye kauli ya mwisho, kitakachokabidhiwa ni nini, na fedha, muda na mamlaka vinaishia wapi. Rasimu anaweza kuiandika msimamizi, na mara nyingi ndivyo inavyokuwa, lakini anayeitoa ni mdhamini wa mradi. Sahihi yake ndiyo inayompa msimamizi ruhusa ya kugusa fedha na kuwaita watu kazini. Kabla ya sahihi hiyo, msimamizi ni mtu mwenye wazo zuri tu.

Tuanze na mawanda, kwa sababu hapo ndipo ugomvi wa baadaye hupandwa. Kikao kiliandika kwenye muhtasari: “Kupeleka maji ya uhakika kwa wananchi wote wa kijiji.” Sentensi hiyo inapigiwa makofi, lakini hebu tuipigie hesabu. Sera ya Maji ya Tanzania ya mwaka 2002 ilitaka mwananchi wa kijijini apate walau lita 25 kwa siku, kituo kimoja cha kuchotea kihudumie watu 250, na mtu asitembee zaidi ya mita 400 kukifikia. Watu 3,200 mara lita 25 ni lita 80,000 kwa siku. Kisima kilipopimwa kwa kusukumwa saa 24 mfululizo, wataalamu walishauri kisivutwe zaidi ya lita 6,000 kwa saa. Jua la maana kwa pampu tulikadirie saa sita kwa siku. Sita mara 6,000 ni lita 36,000, yaani maji ya watu 1,440.

Kwa hiyo ahadi ya kikao haipo kisimani. Hata ukinunua paneli mara mbili zaidi, kisima hakitaongeza maji yake kwa saa. Hesabu hii inahitaji kalamu na dakika kumi, na isipofanywa sasa itajifanya yenyewe mwezi wa sita, foleni itakapokuwa imesimama kwenye bomba lililokauka.

Zipo njia mbili za kulitoka jambo hili. Ya kwanza ni kuibakiza pampu ya dizeli iongezee saa za usiku, na hapo mradi unabeba tena gharama ile ile ya mafuta uliyotaka kuikimbia. Ya pili ni kupunguza mawanda. Tuseme kijiji kimechagua ya pili: vitongoji viwili vya upande wa kisima, vyenye watu 1,400, vitahudumiwa kwa vituo sita. Hati inaandika hivyo kwa majina ya vitongoji. Kisha inaandika sehemu ambayo waandishi wengi wa hati huiruka kwa aibu, yaani yaliyo nje ya mradi. Vitongoji viwili vya juu, vyenye watu 1,800, havimo. Kuunganisha maji majumbani hakumo. Bomba la kwenda kwa mganga mfawidhi wa zahanati halimo. Birika la kunyweshea mifugo halimo.

Kwa maoni yangu, orodha hiyo ya yasiyokuwemo ina kazi kubwa kuliko orodha ya yaliyomo. Hakuna atakayebisha kwamba vituo sita vimo. Mabishano yatatoka kwa mfugaji aliyesikia kwenye kikao neno “maji” akaliona birika. Ndiyo maana rasimu ikikamilika, asomewe kwanza mtu aliyekosa. Mwenyekiti wa kitongoji cha juu aisikie sentensi inayomwacha nje, aulize maswali yake makali, na majibu yaandikwe. Akiambiwa siku mabomba yanashushwa kwenye lori, mitaro itafukiwa usiku.

Sasa mdhamini. Mfano wetu una watu wanne wanaoweza kujiona ndio wenye mradi: chama cha wazawa kilichotoa fedha, serikali ya kijiji yenye ardhi, mhandisi wa RUWASA wilayani, na chombo cha watoa huduma ya maji ngazi ya jamii, ambacho kwa Sheria ya Huduma za Maji na Usafi wa Mazingira ya mwaka 2019 ndicho kinachoendesha skimu kama hii. Mwelekeo wa kwanza ni kuunda kamati ya wote wanne na kuiita mdhamini. Nakataa. Kamati ishauri, lakini hati itaje mtu mmoja kwa cheo chake.

Kumpata mtu huyo, jiulize nani atakayebaki na mradi kazi ikishakwisha, na mwenye uwezo wa kuondoa kikwazo kilichomshinda msimamizi. Wazawa wa Dar es Salaam wana fedha, lakini bomba likipasuka hawapo. Mhandisi wa wilaya ana utaalamu, ila ana skimu nyingine nyingi mkononi. Hapa namchagua mwenyekiti wa chombo cha maji. Yeye atauza maji hayo kwa ndoo, na yeye atalaumiwa yakikosekana. Wazawa watalipa kila awamu baada ya sahihi yake, na mhandisi atathibitisha ubora kabla mwenyekiti hajatia sahihi. Serikali ya kijiji itatoa kwa maandishi njia ya bomba kupita mashambani. Hivyo kila mmoja ana nafasi, na kauli ya mwisho ni moja.

Anayedhani haya ni mambo ya vijijini tu atazame Jumba la Opera la Sydney. Ujenzi ulianza Machi 1959, kwa msukumo wa Joseph Cahill, kiongozi wa serikali ya jimbo la New South Wales, aliyehofia mradi ungefutwa kama ungechelewa. Msanifu Jørn Utzon alikuwa hajakamilisha usanifu wa yale mapaa yanayofanana na matanga. Nguzo zilijengwa, kisha ikaonekana haziwezi kubeba paa lililoamuliwa baadaye, zikajengwa upya. Cahill alifariki Oktoba mwaka ule ule. Utzon alijiuzulu mwaka 1966 baada ya kugombana na serikali, na baada yake ukumbi mkubwa, uliokusudiwa kwa opera na muziki wa okestra, ukageuzwa kuwa wa okestra peke yake, na mitambo ya jukwaa iliyokwisha kufungwa ikang’olewa. Makadirio yalikuwa dola milioni 7 na kumaliza mwaka 1963. Lilifunguliwa mwaka 1973 kwa dola milioni 102. Leo ni fahari ya dunia, nami sibishi. Lakini kwa mtu anayejenga kwa fedha za harambee, nguzo ya kubomolewa hakuna bajeti yake.

Turudi kisimani. Kitakachokabidhiwa kiandikwe kwa namna ambayo watu wawili wasiopendana watakubaliana kama kipo au hakipo. “Kuboresha huduma” hakipimiki. Andika: pampu ya sola imefungwa na kwa siku saba za jua mita ya tenki imesoma lita 36,000 au zaidi kila siku. Andika: vituo sita vimejengwa, na vyote vikifunguliwa kwa pamoja, ndoo ya lita 20 kwenye kituo cha mbali kabisa inajaa ndani ya dakika mbili. Kipimo hicho cha ndoo hakihitaji mhandisi. Mama yeyote mwenye simu yenye saa anaweza kuukagua mradi, na fundi aliyeweka bomba jembamba kuliko lililokubaliwa atajulikana siku hiyo hiyo. Ongeza mambo mawili yanayosahaulika: mchoro unaoonyesha bomba limepita wapi, na wahudumu wawili waliofunzwa kuiwasha na kuisafisha mitambo.

Mipaka ya fedha na muda ni rahisi kuandika, lakini iandikwe kwa undani kidogo. Milioni 96 zigawanywe: 88 za kazi na 8 za dharura, na itajwe kwamba za dharura hufunguliwa na mdhamini peke yake. Msimamizi aruhusiwe kuamua mwenyewe matumizi yasiyozidi shilingi 500,000 ndani ya bajeti. Zaidi ya hapo apige simu. Kazi iishe kabla ya masika kuanza mwezi wa tatu, kwa sababu baada ya hapo mitaro hujaa maji na lori halipandi.

Tarehe hiyo imeegemea dhana, na dhana nayo iandikwe. Mtaro ni mita 2,400 na utachimbwa kwa nguvu za wananchi. Kikao kilikadiria watu 40 kila siku, kila mtu mita nne, yaani mita 160 kwa siku na siku 15 za kazi. Lakini kama uchimbaji utaangukia msimu wa kupanda, wakaja watu 15 tu, ni mita 60 kwa siku, na siku 15 zinakuwa 40. Hati iseme wazi: ikiwa kwa siku tatu mfululizo hawakufika walau watu 30, msimamizi amwarifu mdhamini, na mdhamini achague kati ya kulipa vibarua kwa fedha za dharura au kusogeza tarehe. Bila mstari huo, msimamizi atakaa kimya akitumaini kesho watakuja wengi.

Baada ya sahihi, hati inaweza kubadilishwa, ila kwa mlango mmoja. Anayetaka kituo cha saba alete ombi, msimamizi aliwekee bei, siku na lita, mdhamini akubali au akatae kwa maandishi. Kituo cha saba kwenye mfano wetu hakina lita zake. Ili kikubaliwe, lazima kituo kingine kipunguziwe maji, na wenye kituo hicho waulizwe.

Bado wale watu 1,800 wa vitongoji vya juu. Mradi huu hauwapi maji, na hati isijifanye vinginevyo. Inachoweza kuandika kwa ukweli ni kwamba miezi sita baada ya makabidhiano mdhamini atawasilisha kwenye mkutano wa kijiji vipimo vya mita ya tenki na mapato ya maji, ili kijiji kiamue kama mapato hayo yanatosha kuanza kuchangia uchimbaji wa kisima cha pili. Kisima hicho kitakuwa mradi mwingine, na utakuwa na hati yake.

Sehemu ya tatu: kuitoa ratiba ndani ya hati, na kwa nini uchimbaji wa mtaro haupaswi kusubiri paneli.