Inhela Mbili za Pumu na Kazi ya Kila Moja

Mtu anapogunduliwa kuwa na pumu, aghalabu hurudi nyumbani na inhela mbili: moja ya buluu na nyingine ya kahawia. Rangi huweza kutofautiana, kwa hivyo asome jina la dawa.

Katika kifua chenye pumu hutokea mambo mawili: misuli inayozunguka njia za hewa hukaza, na kuta za ndani za njia hizo huvimba. Inhela ya buluu, salbutamoli, hulegeza misuli. Nafuu huja baada ya dakika chache na hudumu takriban saa nne. Ya kahawia, beklometasoni, hupunguza uvimbe polepole, kwa siku na majuma. Ndiyo maana huvutwa kila siku hata mtu anapojihisi mzima.

Tumchukue mama aliyeagizwa kuvuta ya kahawia mipulizo miwili asubuhi na miwili jioni. Siku ya tatu haoni tofauti, basi akaiacha na kuitegemea ya buluu, inayomtuliza papo hapo. Baada ya mwezi mmoja mkebe wa buluu, wenye mipulizo 200, umekwisha. Maana yake alivuta sita au saba kila siku, na uvimbe ungali palepale. Anayehitaji ya buluu zaidi ya mara mbili kwa juma pumu yake haijadhibitiwa. Na arejee kwa daktari. Mkebe wa kahawia wenye mipulizo 200, kwa mipulizo minne kwa siku, hutosha siku 50. Iandikwe tarehe ya kuuanza, kwani huendelea kutoa mvuke hata dawa inapokwisha.

Namna ya kuvuta ni hii. Tikisa mkebe, kisha toa pumzi yote taratibu. Bana mdomo wa inhela kwa midomo, anza kuvuta pumzi polepole, na hapo hapo bonyeza mara moja. Endelea kuvuta hadi kifua kijae, zuia pumzi kwa kuhesabu hadi kumi, kisha pumua. Subiri nusu dakika, tikisa tena, ndipo uvute mpulizo wa pili. Ukihisi ladha ya dawa ulimini au ukiona mvuke ukitoka mdomoni, huenda dawa nyingi haikufika kifuani. Asiyeweza kuoanisha kubonyeza na kuvuta, hasa mtoto, aombe chombo cha plastiki kinachopachikwa inhela. Baada ya ya kahawia, sukutua maji na uyateme, usije ukaota utando mweupe kinywani.

Mwezi wa Ramadhani, dozi mbili za kahawia huweza kuvutwa baada ya futari na wakati wa daku. Panga na daktari mapema. Ama kifua kikibana mchana, ya buluu isicheleweshwe. Mgonjwa asiyeweza kumaliza sentensi, au ambaye ya buluu haimsaidii, apelekwe hospitali mara moja.