Kikomo cha API hupimwa kwenye mshono wa dakika

Tuseme kuna API ya umma inayotoa bei za mazao, na programu yoyote inaruhusiwa kuiuliza mara 60 kwa dakika. Mpimaji mwenye haraka hutuma maombi 61, akaona la mwisho limekataliwa, akaridhika. Mimi nisingeridhika. Ningesubiri saa ya seva ifike sekunde ya 58, nitume maombi 60, kisha dakika mpya ikianza tu nitume mengine 60. Seva inayorudisha hesabu kwenye sifuri kila dakika itayapitisha yote 120 ndani ya sekunde chache. Kikomo hakijavunjwa, lakini hifadhidata imebebeshwa kwa mkupuo mzigo wa dakika mbili.

Ndiyo maana wengi hutumia ndoo ya tokeni. Ndoo yetu ina nafasi ya tokeni 10, na kila sekunde huongezwa moja. Kila ombi huchukua moja. Ndoo ikiwa tupu, ombi linakataliwa. Ukituma maombi 60 kwa mpigo, yapite 10, au 11 kama tokeni mpya imeingia katikati. Jaribio linalodai 10 kamili litafeli siku nyingine bila kosa la mtu. Yakipita kama 40, angalia idadi ya seva: huenda ziko nne, kila moja na ndoo yake, na hakuna hesabu ya pamoja.

Sasa jibu la kukataa. Tangu 2012 kuna namba yake rasmi, 429:

```
HTTP/1.1 429 Too Many Requests
Retry-After: 1
```

Seva ikijibu 500 badala yake, inamwambia mteja kwamba yenyewe imeharibika, na programu nyingi hapo hujaribu tena papo hapo, zikazidisha msongamano. `Retry-After` hutaja sekunde za kusubiri, na ahadi hiyo nayo ipimwe: subiri muda uliotajwa, tuma ombi moja, lipite. Likikataliwa, seva imemdanganya mteja aliyetii.

Jaribio ninalolithamini zaidi humtazama mtu asiye na hatia. Wakati mteja wa kwanza anamwaga maombi yake, mteja wa pili mwenye ufunguo wake anauliza mara moja kila sekunde mbili. Huyu apate 200 mwanzo hadi mwisho, bila kucheleweshwa. Kisha rudia wote wawili wakitokea kwenye anwani moja ya IP. Kampuni za simu mara nyingi huwapitisha wateja wengi kwenye anwani moja ya nje, hivyo seva inayohesabu kwa anwani pekee itamfungia mkulima anayeuliza bei ya mahindi kwa sababu ya programu ya mtu asiyemjua. Wa pili akipata 429 hapo, hesabu ihamishiwe kwenye ufunguo, na kwa wasio na ufunguo kikomo cha anwani kiwekwe kwa kukumbuka kwamba nyuma yake wamo watu wengi.