Eti ngozi nyeusi haisikii maumivu?

Katika nyumba zetu ndugu wa baba na mama mmoja hutoka rangi mbalimbali, mmoja mweupe, mwengine maji ya kunde, mwengine mweusi. Akichomwa sindano yule mweusi, shangazi husema, "Huyu ngozi yake nene, hasikii." Watu hucheka. Lakini neno hili lina historia mbaya, na mpaka leo limo vichwani mwa watu wanaotutibu.

Huko Georgia, Marekani, zama za utumwa, daktari mmoja akiitwa Hamilton alimtia malengelenge mtumwa John Brown, mikononi na miguuni, ati apate kujua weusi wake umeingia ndani kiasi gani. Brown alitoroka, akayasimulia hayo katika kitabu kilichotoka London mwaka 1855.

Utasema hayo ya kale. Mwaka 2016 watafiti wa Chuo Kikuu cha Virginia waliwauliza wanafunzi wa udaktari na madaktari vijana 222, wote Wazungu. Katika wanafunzi wa mwaka wa kwanza, wanne katika kila kumi waliafiki kuwa ngozi ya mtu mweusi ni nene zaidi. Kisha wakasomeshwa visa vya wagonjwa, mmoja ana kijiwe cha figo, mwengine kavunjika mguu, mara mgonjwa mweusi, mara mweupe. Wale walioamini mengi ya uongo huo walikadiria maumivu ya mweusi kuwa madogo, na dawa waliyopendekeza haikutosha. Kijiwe cha figo, jamani! Anayekijua anakijua.

Ukweli wenyewe ni huu. Rangi inatoka kwenye melanini, iliyomo katika tabaka la juu, jembamba kama karatasi. Seli zinazoitengeneza idadi yake ni takriban sawa kwa watu wote. Tofauti ni wingi wa rangi na inavyotawanyika. Mishipa ya kuhisi maumivu haina habari na rangi hiyo. Unene hutofautiana kwa mahali: kope ni nyembamba na wayo ni mnene, kwa kila binadamu.

La kuzeeka lina ukweli wake, maana melanini hupunguza makali ya jua, na jua ndilo linaloleta makunyanzi mengi. Basi makunyanzi huchelewa. Lakini mabaka meusi usoni huja, na ndani ya mwili miaka inahesabiwa vilevile.

Linalotuhusu zaidi hospitalini ni wekundu. Mtoto mweusi akiungua au kidonda kikifanya usaha, wekundu hauonekani wazi, huonekana zambarau au weusi zaidi, na daktari anaweza kudhani hapana kitu. Mwambie aguse kwa mgongo wa mkono, asikie joto na uvimbe, alinganishe na upande wa pili. Na maumivu mtajieni kwa nambari, sifuri mpaka kumi, mumwombe aiandike.