Ghadhabu ya Mnunuzi na Hukumu ya Bidhaa Yenye Ila

Mnunuzi aliyeuziwa chombo kibovu huja dukani na mashauri mawili yaliyoshikamana, moja la moyo ulioumizwa na moja la mali iliyopotea, na taksiri ya wauzaji wengi ni kuyajibu yote mawili kwa pumzi moja: humrudishia mtu fedha upesi ili aondoke na kelele zake, au humnyima haki yake kwa sababu ya kelele hizo hizo, ilhali sauti kubwa haithibitishi ila ya bidhaa wala haithibitishi uongo wa msemaji. Katika makala haya nakusudia kueleza jinsi mashauri hayo yanavyotenganishwa, na jinsi muuzaji mwadilifu anavyokata shauri baina ya kurudisha fedha na kutoa badali. Nami nitashika mfano wa friza, kwa kuwa ni chombo ambacho ila zake hujificha ndani ya kuta zake, na mara nyingi hasara inayoifuata haiishii kwenye bei yake.

Tuseme mama mmoja wa Likoni, muuza samaki, alinunua katika duka la mjini Mombasa friza mpya ya lita 200 kwa shilingi 38,000, akalipa kwa M-Pesa, akapewa risiti na karatasi ya dhamana ya mwaka mmoja. Kwa siku nane friza iligandisha vizuri. Siku ya tisa, alfajiri, akafungua kifuniko akakuta samaki wamelegea na maji ya damu yametuama chini, na mwenye hoteli aliyemwagiza kilo 30 anampigia simu. Saa tatu yuko dukani, wateja wamejaa, naye anasema kwa sauti inayosikika ng'ambo ya barabara kwamba ameuziwa uozo.

Jambo la kwanza la kufanya ni kumtoa mama huyo penye macho ya watu bila ya kumfukuza, maana hasira iliyo na hadhara haiwezi kurudi nyuma pasipo aibu. Mwenye duka mwenyewe, si kijana wa kupakia mizigo, na atoke nyuma ya meza, amwambie, "Karibu mama, njoo ukae hapa unieleze tangu mwanzo," kisha anyamaze mpaka mama amalize. Na asimwambie atulie, kwani mtu aliyepoteza mtaji wake wa wiki akiambiwa atulie husikia kwamba hasara yake imedharauliwa. Baada ya hapo ayarudie yale aliyoyasikia kwa maneno yake mwenyewe, siku iliyonunuliwa, saa ilipogunduliwa, kiasi cha samaki, na amwombe asahihishe palipokosewa. Nimeona mara nyingi kwamba sauti hushuka mahali hapa hasa, kwa kuwa mlalamikaji amejua kuwa shauri lake limefika. Pole pia isizuiliwe. Wako wanaoogopa kwamba kumpa mtu pole ni kukiri kosa, walakini kusema "pole mama, hasara hii ni kubwa" ni kukiri msiba wake tu, na suala la nani aliyeuleta hubaki likingoja fundi. Asichoruhusiwa kukitamka muuzaji kabla ya uchunguzi ni mambo mawili: "umeiharibu mwenyewe," na "tutakupa mpya." Kila moja ni hukumu iliyotangulia ushahidi. Badala yake atoe ahadi ndogo yenye saa yake, kwamba fundi atakuwa Likoni kabla ya adhuhuri na jibu litatoka kabla ya alasiri, na kama duka lina friza ya akiba, ipelekwe pamoja na fundi ili samaki waliosalia waokolewe.

Sasa tuje kwa fundi, maana hapa ndipo hukumu inapozaliwa. Friza iliyoacha kugandisha inaweza kuwa na maradhi kadhaa yenye sura moja kwa asiyejua, na fundi huanza kwa kupima umeme penye soketi wakati kompresa inajaribu kuwaka. Umeme wa nyumbani Kenya hukadiriwa kuwa volti 240, na ukishuka mno, kompresa hunguruma sekunde chache, ikalia "tak" na kuzima, kisha ikarudia baada ya dakika kadhaa. Hapo ila ni ya umeme wa nyumba au ya waya mwembamba wa kurefushia, na friza yenyewe yaweza kuwa salama. Ikiwa barafu nene imejazana ukingoni mwa kifuniko peke yake, atazame raba ya kifuniko. Katika mfano wetu lakini fundi anakuta ishara nyingine: kompresa inazunguka mfululizo bila ya kupumzika, kuta za nje ambazo kwa kawaida huwa na joto zimepoa, na ndani ukungu wa barafu umeshika sehemu ndogo tu ya ukuta. Hizo ni dalili za gesi iliyopungua.

Lakini kujua kwamba gesi imetoka hakutoshi kuhukumu, kwani gesi yaweza kutoka kwa mlango wa muuzaji au kwa mlango wa mnunuzi. Watu wengi hubandua samaki au barafu kwa ncha ya kisu, na kisu kikiteleza hutoboa ukuta wa ndani na mrija ulio nyuma yake. Tundu la namna hiyo huonekana, nalo ni dogo kama la sindano, na pembeni yake huwa na mikwaruzo. Upande wa pili, mrija ulioungwa vibaya kiwandani huvuja penye kiungo, karibu na kompresa, na huacha doa la mafuta, kwa sababu mafuta ya kompresa husafiri pamoja na gesi. Ukipaka povu la sabuni hapo, mapovu huinuka. Fundi wetu amekagua kuta za ndani hakuona jeraha, akaona doa la mafuta kwenye kiungo na mapovu yakiinuka polepole. Ila hii basi ilikuwamo siku ile friza ilipotoka dukani, ijapokuwa ilichukua siku nane kudhihiri, na kule kugandisha kwake siku za mwanzo hakumwondolei muuzaji dhima.

Hapo swali linakuwa moja: fedha au badali? Sheria ya Kenya ya Uuzaji wa Bidhaa, Sura ya 31, iliyofuata nyayo za sheria ya Kiingereza ya 1893, humpa mnunuzi haki ya kuikataa bidhaa isiyo na ubora ipasavyo na kudai fedha zake, maadamu hajaikubali, na kukaa nayo kwa muda mrefu bila ya kutoa habari huhesabiwa kuwa kuikubali, na baada ya hapo haki yake hugeuka kuwa ya fidia. Badali haikutajwa kuwa chaguo la muuzaji. Fikihi ya Kishafii, ambayo ndiyo madhehebu ya Waislamu wengi wa pwani, ina mlango mzima wa khiyari ya aibu, nayo hupambanua jambo ambalo naliona lina faida hata kwa asiyekuwa Mwislamu: ikiwa kilichouzwa ni kitu hiki hasa, kilichooneshwa kwa kidole, mnunuzi hukirudisha akapewa fedha zake au hukibakisha kwa bei yake, na ikiwa kilichouzwa ni kitu cha sifa fulani kilicho katika dhima ya muuzaji, basi aliyeleta kibovu hajatimiza bado, na hudaiwa kizima. Friza iliyotolewa ghalani ndani ya boksi lake, baada ya mnunuzi kuona sampuli tu, iko karibu na hukumu hii ya pili, na kwa hiyo badali ni jambo la asili. Friza ya maonyesho iliyouzwa kwa bei ya chini kwa kuwa ni ya mwisho iko katika ile ya kwanza, na hapo kurudisha fedha ndiko kunyooka.

Hata hivyo badali itolewe tu ikiwa mama ameridhia, na ikiwa muuzaji ana yakini kwamba ila ni ya friza ile moja, wala haikuenea katika shehena nzima. Kwa ajili hiyo duka na liwe na daftari la malalamiko lenye namba za mashine. Tajiri wetu amelifungua daftari, hakuona friza nyingine ya shehena ile iliyorudi. Akatoa moja, akapaka povu penye kiungo kilekile, akaiwasha dukani na kipimajoto ndani mpaka ikafika nyuzi 18 chini ya sifuri, ndipo akaipeleka Likoni kwa gari lake na kuichukua ile mbovu bila ya malipo. Lau angeikuta nyingine iliyorudi kwa ila ileile, asingethubutu kumpa mama friza ya tatu ya ukoo ule, bali angerudisha shilingi 38,000 kwa namba ileile iliyolipa. Na hukumu ya fedha huja pia pale ambapo badali nayo imeharibika, au haja ya mnunuzi imepita, au hana tena imani. Kumlazimisha mtu kuishi na chombo anachokiogopa si muamala wa haki. Bei ikiwa imepanda tangu siku ya kununua, badali haina nyongeza, na dhamana ya mwaka mmoja ianze upya kuhesabiwa, iandikwe.

Wala mama asiambiwe aende kwa wakala wa kiwanda. Dhamana ya kiwanda ni ngao ya ziada. Aliyepokea fedha zake ni duka, na duka ndilo litakalofuatana na wakala kwa wakati wake.

Wabaki samaki. Wengi huona kwamba wakishabadilisha friza wamemaliza, lakini Katiba ya Kenya ya 2010, katika Ibara ya 46, inampa mtumiaji haki ya kufidiwa hasara iliyotokana na ila ya bidhaa. Rai yangu ni kwamba muuzaji aulize wazi: samaki walinunuliwa kwa kiasi gani, wangapi waliokolewa kwa barafu, picha iko wapi, na akilipe kile kilichopotea kwa bei ya kununulia bila ya kungojea kushitakiwa. Faida iliyotarajiwa ni ngumu kuithibitisha, na hiyo wazungumze kwa upole.

Nawasihi wenye maduka wayafute kwenye risiti yale maneno kwamba mali ikiuzwa hairudishwi, maana hayamwondolei muuzaji dhima ya ila iliyokuwamo tangu mwanzo, na kazi yake ni kuwatisha wasiojua. Nawe mnunuzi, ukiona friza yako imelegea, izime, wahamishe samaki kwenye barafu, piga picha, na upeleke habari dukani siku hiyo hiyo pamoja na risiti, kwani kuendelea kuitumia baada ya kuijua ila hudhoofisha haki yako. Na usimruhusu fundi wa mtaani akate mrija wala aongeze gesi kabla ya fundi wa duka kufika, kwa maana mrija ukishaguswa, doa la mafuta halitaweza tena kukushuhudia.