Masika Kisaki: Kazi ipi ianze asubuhi?

KATIKATI ya masika, mkulima wa Kisaki anayeamka saa kumi na moja alfajiri huwa na kazi tano au sita zinazomsubiri, na siku moja tu ya kuzifanya. Ufuta umeota, na magugu yameota pamoja nao. Mpunga ulioko bondeni unataka mbolea. Kama ana kiduka, sukari na sabuni zimekwisha na inabidi afike Morogoro mjini. Wengi huamua wakiwa mlangoni: jua likionekana hubeba jembe, wingu likitanda hubaki nyumbani. Utabiri uliosomwa redioni usiku wa jana wameusikia, lakini hawana pa kuushikiza.

Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania (TMA) hutoa utabiri wa aina kadhaa. Ule wa msimu, wa Vuli na wa Masika, humsaidia mkulima kuchagua mbegu na tarehe ya kupanda. Utabiri wa saa 24 hauna faida hiyo, maana mbegu ikishakuwa ardhini haichaguliwi tena. Unachoweza kufanya ni kusaidia kuamua kazi ya leo, na hilo linawezekana tu ikiwa kazi zimekwisha kuandikwa na kupangwa kabla utabiri haujasomwa.

Namna ya kupanga ndiyo inayokosewa zaidi. Mkulima akiambiwa aandike kazi zake kwa mpangilio, huweka juu ile inayomuuma zaidi, kwa kawaida palizi. Mpangilio unaofaa ni tofauti: juu kabisa ikae kazi ambayo hali ya hewa yake ni adimu, na chini kabisa ile inayowezekana siku yoyote, hata mvua ikinyesha kutwa. Asubuhi orodha husomwa kutoka juu, na kazi ya kwanza inayokubaliana na hali ya hewa ya siku hiyo ndiyo hufanywa. Sababu yake ni rahisi. Siku kavu yenye upepo mdogo ni chache mwezi Aprili. Ikitumika kupukuchua mahindi, kazi ambayo ingefanyika chini ya paa siku ya mvua, siku hiyo imepotea.

Chukua mfano wa kaya yenye ekari mbili za ufuta mchanga, ekari moja ya mpunga bondeni na kiduka kidogo. Orodha yake ya wiki moja ya Aprili inaweza kuanza na kupiga dawa ya wadudu kwenye ufuta. Kazi hiyo inataka upepo mdogo na saa nne hadi sita bila mvua, au zaidi kama karatasi ya chupa inavyoagiza. Inafuata palizi ya ufuta, inayotaka udongo usionata na jua la kutosha kukausha magugu yaliyong'olewa. Ya tatu ni safari ya mjini kupitia Mvuha, ambayo inataka matope ya njiani yawe yamepungua. Ya nne ni kuweka urea kwenye mpunga. Hapo manyunyu hayadhuru, lakini mvua kubwa hufurika juu ya majaruba na kuondoka na mbolea. Ya tano ni kupandikiza mpunga katika sehemu iliyobaki. Kazi hiyo huendelea hata mvua ikinyesha, mradi hakuna radi, kwa kuwa mtu aliyesimama bondeni peupe yuko hatarini. Mwisho ni kupukuchua mahindi na kushona magunia yaliyotoboka.

Jumapili usiku utabiri unataja mvua na ngurumo katika maeneo mengi. Asubuhi ya Jumatatu kazi tano za juu zinakataliwa moja baada ya nyingine, na kaya inapukuchua mahindi. Siku haikupotea, ingawa shambani hakuna aliyekwenda. Jioni mvua inapokatika, mtu mmoja anapita kwenye ufuta na kukuta majani machanga yametobolewa na wadudu warukao. Ukaguzi huo ni muhimu, kwa sababu dawa hukaa juu ya orodha pale tu wadudu wanapoonekana. Bila wadudu, mstari huo hufutwa.

Jumanne utabiri ni mvua katika maeneo machache, na asubuhi majani ya miti hayatikisiki. Umande ukishakauka kidogo, dawa inapigwa na kumalizika mapema kabla ya upepo wa mchana. Jumatano ni kavu pia. Dawa imeshafutwa kwenye orodha, kwa hiyo zamu ni ya palizi. Lakini udongo wa mfinyanzi baada ya mvua ya Jumatatu haupimwi kwa macho. Kiganja cha udongo hukamuliwa. Ukibaki donge linalong'aa na kunata vidoleni, jembe litabeba udongo badala ya kukata magugu, na ardhi iliyolimwa hivyo hukauka ikawa mabonge. Kaya inasubiri hadi saa nne, kisha inaanza.

Alhamisi utabiri unasema kukavu, palizi inaendelea, na saa sita mchana mvua inanyesha. Utabiri umekosea. Magugu yaliyolimwa asubuhi yamekwisha kunyauka, lakini yale ya saa moja ya mwisho yatashika mizizi upya. Mwenye shamba anachomeka vijiti kuonyesha mistari ile, ili arudie hiyo tu na asirudie shamba zima. Mvua hiyo pia imeharibu njia, kwa hiyo Ijumaa yenye manyunyu safari inarukwa na zamu ni ya urea: maji kwenye majaruba yanapunguzwa, mbolea inawekwa, matoleo yanazibwa. Jumamosi njia imeanza kukauka na mwenye kiduka anakwenda mjini.

Katika bonde kuna jambo moja ambalo utabiri wa Kisaki peke yake hautalionyesha. Mto Mgeta unatoka katika milima ya Uluguru na kupita upande huu kabla ya kuungana na Ruvu. Mvua ikinyesha milimani usiku, maji yanaweza kupanda bondeni chini ya anga safi. Kwa hiyo kazi za bondeni huandikiwa masharti mawili, la hapa na la milimani. Wingu zito likiwa limelala juu ya Uluguru tangu jioni, au maji ya mto yakibadilika rangi na kubeba majani na vijiti, urea isubiri hata kama Kisaki kuna jua.

Tatizo la pili ni ukubwa wa eneo. Utabiri unaotaja mkoa wa Morogoro unazungumzia nchi inayoanzia Gairo hadi Ulanga. Mkulima anayetaka kujua maneno hayo yana uzito gani shambani kwake hana budi kujipimia. Kopo lenye kuta zilizonyooka, lisilopanuka juu, husimamishwa mahali peupe mbali na miti na mapaa. Kila asubuhi maji yaliyomo hupimwa kwa rula ya mtoto wa shule, kisha kopo humwagwa. Milimita moja kwenye rula ni sawa na lita moja ya maji kwa kila mita moja ya mraba ya shamba. Kwenye daftari huandikwa maneno ya utabiri, kiasi kilichopatikana na saa mvua ilipoanza. Saa haifai kuachwa: mvua ya saa mbili usiku haimdhuru aliyepiga dawa saa moja asubuhi, ingawa utabiri ulikuwa umeitaja.

Tuseme baada ya miezi ya masika daftari linaonyesha siku 20 ambazo utabiri ulisema mvua katika maeneo machache, na katika siku 5 tu ndipo ilinyesha shambani wakati wa mchana. Hiyo ni siku moja katika nne. Je, dawa ipigwe siku ya namna hiyo? Hapo hesabu inaingia. Ikiwa dawa na kibarua vinagharimu Sh24,000, fedha hizo zitasombwa mvua ikinyesha. Ikiwa kuahirisha siku moja kunawapa wadudu nafasi ya kula ufuta wenye thamani ya Sh8,000, mkulima anaweza kuvumilia hatari ya hadi theluthi moja, kwa sababu 8,000 ni theluthi ya 24,000. Moja katika nne iko chini ya hapo. Apige. Bei hizi ni za mfano, na kila mmoja aweke zake, lakini njia ya kuhesabu haibadiliki.

Ikifika mavuno, orodha hupinduka. Ufuta hukatwa majani ya chini yakishakuwa ya njano na kupukutika, kabla vitumba vya chini havijafunguka na kumwaga mbegu. Mashina hufungwa matita na kusimamishwa yakiegemeana kwa wiki mbili au zaidi, vichwa vikiwa juu, kisha hugeuzwa na kukung'utwa juu ya turubai. Mvua ikiyakuta yamefunguka, maji huingia ndani ya vitumba, mbegu hubadilika rangi au kuota ukungu, na mnunuzi hushusha bei.

Tuseme matita yana kilo 300, na mbegu iliyochafuka hupungua bei kwa Sh400 kwa kilo. Mvua moja ina hasara ya Sh120,000. Kuyafunika jioni na kuyafunua asubuhi kunagharimu Sh10,000 za kibarua. Elfu kumi ni sehemu moja ya 12 ya hasara hiyo. Maana yake ni kwamba hata kama mvua hunyesha mara moja tu katika usiku 12 wa aina hiyo, gharama ya kufunika imerudi. Daftari la masika halifai kutumika hapa, kwa kuwa Juni si Aprili. Hesabu ianzwe upya. Likionyesha kwamba kati ya usiku 12 uliotabiriwa mvua katika maeneo machache ilinyesha mara 2, basi ni kufunika bila kusita.

Hivyo maneno yale yale ya redioni, mvua katika maeneo machache, yanamruhusu mkulima kupiga dawa kana kwamba haitanyesha, na yanamlazimisha kufunika ufuta kana kwamba itanyesha. Hakuna ubishi hapo. Ndiyo maana mbele ya kila kazi kwenye orodha huandikwa kiwango chake cha hatari, theluthi moja kwa dawa, sehemu moja ya 12 kwa matita, na hakuna kiwango kimoja kinachotumika kwa kazi zote.

Turubai nalo lina hila zake. Likifunikwa juu ya mashina mabichi na kuachwa hadi mchana, joto na unyevu hubaki ndani na ukungu huanza bila tone la mvua kuanguka. Katika siku za matita, mstari wa kwanza wa orodha hausubiri utabiri wowote: jua likichomoza, turubai hufunuliwa, mkono huingizwa katikati ya tita, na likiwa la joto au lenye unyevu, mashina hutawanywa yapate hewa kabla ya mtu kugusa kazi nyingine.